Akaunti Iliyosahauliwa Haijafungwa

Alfajiri ya tarehe 7 Mei 2021, mfanyakazi wa chumba cha uendeshaji katika kampuni ya Colonial Pipeline nchini Marekani aliona kwenye skrini ujumbe wa kudai fedha. Kampuni hiyo inaendesha bomba la mafuta lenye urefu wa zaidi ya kilomita 8,800, kutoka Houston, Texas, hadi New Jersey, na karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo hupita humo. Bomba likazimwa siku hiyohiyo na halikuwashwa hadi tarehe 12. Madereva walipanga foleni kwenye vituo vya mafuta katika majimbo kadhaa, na kampuni ikawalipa wahalifu bitcoin 75, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4. Sehemu kubwa ya bitcoin hizo serikali ya Marekani iliikamata mwezi uliofuata.

Wachunguzi walipofuatilia wahalifu walikopitia, hawakukuta ufundi wa ajabu. Wahalifu waliingia tarehe 29 Aprili kwa akaunti ya VPN, yaani njia ambayo mfanyakazi aliye nyumbani huitumia kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Akaunti hiyo ilikuwa haitumiki tena, lakini hakuna aliyeifunga. Nywila yake ilipatikana baadaye katika mkusanyiko wa nywila zilizovuja, na haikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho, ile ya kutumiwa namba kwenye simu. Mkuu wa kampuni, Joseph Blount, alipohojiwa na Baraza la Seneti mwezi Juni, alieleza kwamba nywila ile ilikuwa ngumu, si ya kukisia, na kwamba mfumo ule wa VPN ulikuwa wa zamani, usiokusudiwa kuendelea kutumika.

Nywila ngumu haikusaidia kitu, kwa sababu akaunti haikuwa na mwenyewe wa kuichunga. Akaunti inayotumiwa kila siku ina mtu wa kushtuka: akiona ujumbe wa ajabu, au nywila ikikataa, atapiga simu kuuliza. Ile iliyoachwa haina wa kushtuka. Mwizi anaweza kukaa humo wiki nzima akisoma, na kila mtu akadhani mambo ni shwari.

Ndiyo maana watu wa usalama wa mitandao wana kazi ya kukaa chini, walau mara moja kwa mwaka, na kuandika orodha ya kila kifaa, kila akaunti na kila programu ambayo leo hii inaweza kuingia, kisha kuondoa isiyo na kazi. Kampuni kubwa hazisubiri mwaka. Miongozo ya CIS, inayofuatwa na taasisi nyingi duniani, inataka akaunti iliyokaa siku 45 bila kutumika izimwe. Kanuni za PCI DSS za wanaoshughulikia kadi za benki zinatoa siku 90. Lakini kwa duka, ofisi ndogo, zahanati au familia, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ukifanywa kwa ukamilifu unafichua mengi kuliko mtu anavyotarajia. Niliona hivyo mwaka huu dukani kwa shemeji yangu Morogoro, anakouza vifaa vya ujenzi, na nitaueleza ukaguzi wake kwa sababu duka lake linafanana na maelfu ya maduka mengine: kompyuta moja ya stoo na hesabu, akaunti moja ya Google ya duka, WhatsApp ya wateja, ruta ya intaneti na kamera nne.

Nilimwomba kwanza aandike kwa kichwa nani na nini kinaingia kwenye mambo ya duka. Aliandika simu yake, simu ya mkewe, kompyuta ya dukani na muuzaji wake. Karatasi ile tukaiweka pembeni. Orodha ya kichwani humwonyesha mtu vitu anavyovitumia, wakati tunachokitafuta ni vile alivyovisahau. Orodha ya kweli huandikwa kwa kuiuliza mifumo yenyewe: Google ina kumbukumbu ya nani imempa ruhusa, ruta inajua nani ameungana nayo, kompyuta inajua watumiaji wake. Tukaanza kuiuliza, mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya kuondoa chochote, hakikisha kwamba wewe mwenyewe hutajifungia nje. Kwenye myaccount.google.com tulifungua sehemu ya usalama na kutazama namba ya simu ya kurejeshea akaunti, ile inayotumiwa ujumbe ukisahau nywila. Shemeji akaisoma mara mbili.

“Hii namba si yangu.”

“Ya nani sasa?”

“Ya yule kijana wa stoo aliyeondoka. Yeye ndiye aliyetufungulia hii akaunti, shemeji.”

Kijana yule huenda hana nia mbaya hata kidogo. Ila laini ikiachwa bila kutumika muda mrefu hufungwa, na namba hiyohiyo huja kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ufunguo wa akiba wa akaunti yenye ankara zote za duka ulikuwa kwenye namba ambayo kesho ingeweza kuwa mikononi mwa mgeni. Tuliibadilisha, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha tukachapisha zile namba za akiba ambazo Google hutoa, kumi kwa mkupuo, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu. Karatasi ile ikaenda kwenye kasha la fedha.

Sehemu ya vifaa, yenye jina Your devices, haikutuchukua muda. Inaonyesha kila simu na kompyuta iliyo ndani ya akaunti, aina yake na lini imetumika mara ya mwisho. Kulikuwa na simu ya zamani ya shemeji aliyompa mpwa wake anayesoma sekondari. Mpwa aliingiza laini yake, akaendelea na maisha, na akaunti ya duka ikabaki humo. Tuligusa jina la kifaa, tukabonyeza Sign out, ikaisha.

Programu zilitusumbua zaidi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukiwahi kubonyeza kitufe cha kuingia kwa Google kwenye aplikesheni ya kusoma PDF, ya kutengeneza ankara au ya kupanga picha, kuna ruhusa uliyoitoa. Kuifuta aplikesheni kwenye simu hakuifuti ruhusa hiyo. Ruhusa iko upande wa Google, na inaweza kudumu miaka baada ya wewe kusahau hata jina la aplikesheni. Orodha yake iko myaccount.google.com/connections, na unapoisoma, tenganisha aina mbili. Zipo zinazojua jina lako, barua pepe yako na picha yako tu, ambazo hazina madhara makubwa. Na zipo zilizopewa kusoma barua pepe, kuona mafaili ya Drive au kushika orodha ya majina ya simu. Hizi za pili ndizo za kuulizwa moja moja: inafanya kazi gani, na nani anaitumia leo?

Kwa shemeji ilikuwepo aplikesheni ya kuskani stakabadhi iliyoruhusiwa kuona na kufuta mafaili yote ya Drive. Hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Tuliiondoa. Ni vizuri kujua mpaka wa hatua hiyo: kuondoa ruhusa kunaizuia programu isichukue kitu kipya kuanzia leo, lakini nakala ilizokwisha kuchukua zinabaki kwa wenye programu. Ukitaka zifutwe, inabidi ufunge akaunti yako kwa wenyewe, na pengine uwaandikie.

Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya vidukani, lakini Microsoft yenyewe ilipigwa hapohapo. Tarehe 12 Januari 2024 kampuni hiyo iligundua kwamba wadukuzi inaowaita Midnight Blizzard, wanaohusishwa na idara ya ujasusi ya Urusi, walikuwa wakisoma barua pepe za baadhi ya viongozi wake wa juu. Waliingia mwishoni mwa Novemba 2023 kwa kukisia nywila ya akaunti ya zamani ya majaribio isiyokuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Akaunti ile peke yake isingewafikisha mbali. Kilichowavusha ni programu ya zamani ya majaribio iliyokuwa ingali na ruhusa kubwa ndani ya mfumo mkuu wa kampuni. Akaunti moja iliyosahauliwa na programu moja iliyosahauliwa zilikutana.

Tukarudi kwenye barua pepe ya duka, na hili nalitilia mkazo kwa sababu halionekani kwenye orodha yoyote kati ya zile mbili. Fungua Gmail kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio, tazama ukurasa wa Forwarding and POP/IMAP, kisha ule wa Filters and Blocked Addresses. Humo ndimo hukaa amri za kutuma nakala ya kila barua inayoingia kwenda anwani nyingine. Ukibadilisha nywila, amri hiyo haiguswi. Ukitoa vifaa vyote nje, nayo inaendelea. Kwa shemeji kulikuwa na anwani ya mhasibu wa miaka ya nyuma, aliyekuwa akipokea ankara ili aandae hesabu. Kazi yake iliisha kwa amani, wakapeana mkono, na ankara zikaendelea kumfuata kila siku. Mhasibu mwenyewe, alipopigiwa simu, alisema alikuwa akizifuta bila kuzifungua. Ukurasa wa Accounts nao unastahili kutazamwa, penye Grant access to your account, kwa kuwa hapo mtu anaweza kupewa kufungua sanduku lako la barua akitumia nywila yake mwenyewe.

WhatsApp ni rahisi. Kwenye mipangilio, penye Linked devices, inaonyesha kompyuta na vishikwambi vilivyounganishwa na simu yako, visivyozidi vinne, pamoja na muda ambao kila kimoja kilitumika mwisho. Wengi hudhani kompyuta hujitoa yenyewe ikiwa mbali na simu. Kutoka huko kwa lazima hutokea simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14; simu ya duka inatumika kila siku, kwa hiyo usiitegemee kanuni hiyo. Tulikuta kompyuta moja tusiyoitambua. Baada ya kuulizana ikaonekana ni ya stesheni walikokuwa wakichapisha orodha za bei.

Ruta ilitupa kazi ya nusu siku. Ukurasa wake hufunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, kutegemea aina, na nywila ya mwanzo mara nyingi imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Orodha ya walioungana ilikuwa na majina kumi na manne. Duka lina watu watatu. Tatizo ni kwamba majina hayo hayasemi sana: moja limeandikwa jina la simu, jingine ni mfululizo wa herufi na tarakimu tu. Zamani ungeweza kulinganisha namba ile ya kifaa na iliyo kwenye simu ya mtu. Siku hizi simu nyingi, kuanzia Android 10 na iOS 14, hujitambulisha kwa namba ya kubuni kwa kila waifai, ili zisifuatiliwe, kwa hiyo namba unayoiona kwenye ruta huenda isifanane na ya kifaa halisi.

Kuna njia ya kuzima kifaa kimoja kimoja na kutazama ni jina gani limetoweka kwenye orodha, lakini inachosha na haiwafikii wasiokuwepo. Tulichagua njia fupi: kubadilisha nywila ya waifai. Kila kitu kikatoka kwa pamoja, kisha tukaingiza tunavyovijua tu, kwa mkono, tukiandika daftarini. Wateja na madereva wanaosubiri kupakiwa saruji walifunguliwa mtandao wa wageni wenye nywila yake, ili simu zao zisikae njia moja na kompyuta ya hesabu. Tulibadilisha pia nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambayo ni tofauti na ya waifai, na tukazima kipengele cha kuiendesha ruta kutoka nje.

Mchana kamera mbili zikawa zimepotea kwenye simu ya shemeji, kwa sababu nazo zilitegemea waifai ile. Huo ndio ubaya wa kufunga kwa pamoja: kuna kitu cha halali kitakachokatika, na afadhali kikatike siku ambayo upo na daftari mkononi. Tulipojaribu kuziunganisha upya, aplikesheni ikakataa, ikasema kifaa tayari kina mmiliki. Mmiliki alikuwa fundi aliyezifunga. Alizisajili kwa akaunti yake, kisha akamshirikisha mwenye duka kama mtazamaji. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa haraka ya kumaliza kazi, bila kukusudia ubaya, ila matokeo yake ni kwamba mtu wa nje ana haki kubwa juu ya kamera kuliko anayelala juu ya duka. Fundi alipigiwa, akazitoa kwenye akaunti yake, shemeji akazisajili kwa jina lake. Ukinunua kamera, dai usajili ufanyike kwenye simu yako, fundi akiwa bado yuko kwenye ngazi.

Mwisho ikawa kompyuta. Kwenye Windows, ukifungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, amri hii inakuonyesha akaunti zote zilizomo:

```
net user
```

Tukaona akaunti iliyoitwa fundi. Ili kujua lini ilitumika, unaongeza jina lake na kusoma mstari wa Last logon:

```
net user fundi
```

Ilikuwa haijatumika kwa zaidi ya mwaka. Hatukuifuta. Tuliizima:

```
net user fundi /active:no
```

Tofauti ya kuzima na kufuta ni jambo ambalo ningependa kila anayefanya ukaguzi alishike. Kilichozimwa hurudishwa kwa dakika moja, kwa kuandika yes mahali pa no. Kilichofutwa kinaweza kuondoka na mafaili yake, na hata ukiiunda upya akaunti kwa jina lilelile, Windows huihesabu kuwa mtumiaji mwingine asiye na haki za yule wa kwanza. Tarehe ya mwisho ya kutumika nayo inaweza kukudanganya. Programu ya kufunga hesabu za mwaka hukaa miezi kumi na moja bila kuguswa, na mtu anayeiangalia mwezi wa kumi ataiona haina kazi. Kwa hiyo kila tulichokitilia shaka tulikizima na kusubiri mwezi mzima, upite mwisho wa mwezi mmoja wenye mishahara na ritani za kodi, ndipo kifutwe kama hakuna aliyelalamika. Na akaunti yenye mafaili ya watu wengine, au iliyofungua ukurasa wa biashara, huhamishiwa mwenyewe mpya kwanza.

Kwenye kompyuta hiyohiyo kulikuwa na AnyDesk, programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, iliyowekwa na mtu wa programu ya hesabu ili awasaidie bila kusafiri. Kuwepo kwake si kosa. Kosa lilikuwa kwamba ilikuwa imewekewa nywila ya kudumu, ile ya unattended access, inayomruhusu mwenye nayo kuingia hata usiku bila mtu wa dukani kukubali. Programu tuliiacha, nywila hiyo tukaiondoa. Sasa akitaka kuingia, lazima mtu aliye mbele ya kompyuta abonyeze kukubali, na akimaliza anaonekana ametoka.

Daftari la shemeji lina safu nne: kitu, mwenyewe, kazi yake, na tarehe ya kuangaliwa tena. Mwanzoni aliona safu ya mwenyewe haina maana, kwa kuwa vitu vyote ni vya duka. Nikamwambia aandike jina la mtu mmoja kila mstari, kwa sababu mstari wa “duka” hauna wa kupigiwa simu. Palipokosekana jina la mtu, au palipokosekana kazi, kitu kilizimwa. Kati ya mistari thelathini na kitu, kumi na mmoja ilikosa kimojawapo.

Kuna yasiyoingia kwenye daftari hilo hata ukikagua vipi. Hakuna mfumo utakaokuambia kwamba nywila ya zamani ilipigwa picha kwa simu, au kwamba muuzaji anamwambia mwenzake namba ya siri kwa mdomo. Kwa hayo dawa ni kubadilisha nywila pale mtu aliyeijua anapoondoka, siku ileile anaporudisha funguo za stoo, bila kungoja ukaguzi wa mwaka. Shemeji ameongeza ukurasa mmoja nyuma ya daftari kwa ajili hiyo, wenye vitu vya kufunga mfanyakazi anapoacha kazi: WhatsApp, akaunti ya kompyuta, waifai, namba za kurejeshea. Muuzaji wake wa sasa ameusoma na kusaini.

Ukaguzi ujao ameupanga wiki ya pili ya Februari, hesabu za mwaka zikiwa zimekwisha kufungwa na saruji ya masika haijaanza kugombewa.